Kutoka Aya hadi Aya: Jinsi Insha ya Historia Inavyokuwa Hoja Moja

Tuchukue swali ambalo karibu kila aliyesoma historia Tanzania amewahi kulijibu: eleza sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Jibu tulilolizoea lina utangulizi mfupi, kisha aya kuhusu kodi, aya kuhusu kilimo cha lazima cha pamba, aya kuhusu ukatili wa maakida, aya kuhusu dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi, na mwisho hitimisho linalorudia yote hayo kwa ufupi. Kila aya ina ukweli ndani yake, na pengine imeandikwa kwa lugha safi. Hata hivyo, msomaji akifika mwisho hajui mwandishi anadai nini, kwa sababu ameoneshwa sababu nne zilizosimama kila moja peke yake na hakuambiwa zinahusianaje. Ameachiwa kazi ya kujua ipi ilitangulia na ipi ilitegemea nyenzake, na kwa nini zote kwa pamoja zilizaa vita katika nchi ya kusini mwaka 1905, na si mahali pengine wala wakati mwingine.

Ugonjwa huu hupimwa kwa urahisi. Chukua insha yako, uhamishe aya ya tatu iwe ya kwanza na ya kwanza iwe ya nne, kisha isome upya. Ikiwa haijaharibika popote, ujue kwamba haikuwa na hoja inayosonga mbele, bali ilikuwa na orodha. Hoja ya kweli ina mpangilio usioweza kuvurugwa bila kuumia, kwa kuwa aya ya pili inaanzia pale ambapo ya kwanza imefika, na ya tatu inalibeba jambo ambalo ya pili imeshindwa kulieleza. Mahali pa kuuonesha uhusiano huo ni sentensi inayounganisha aya na aya, ambayo hapa nitaiita sentensi unganishi.

Wengi hufundishwa kwamba dawa ya tatizo hili ni viunganishi. Mwanafunzi hupewa kundi la maneno kama vile aidha, vilevile, kadhalika, pamoja na hayo na zaidi ya hayo, akaambiwa aanze kila aya kwa neno mojawapo. Matokeo yake ni insha ileile ya orodha iliyovalishwa maneno. Ukiandika “Aidha, Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba,” umemwambia msomaji kwamba kuna jambo jingine, na hilo angelijua mwenyewe kwa kuona aya mpya imeanza. Hujamwambia pamba ina uhusiano gani na kodi uliyokwisha kuieleza. Maneno hayo hayana kosa ndani ya aya, pale unapoongeza ushahidi wa pili chini ya dai lilelile. Kosa ni kuyapa kazi ya kuunganisha madai mawili tofauti, kazi ambayo hayaiwezi.

Sentensi unganishi nzuri huwa na pande mbili. Upande wa kwanza hushika kile ambacho aya iliyopita imekithibitisha, si mada yake tu bali matokeo yake. Upande wa pili hutangaza dai la aya inayoanza. Kati ya pande hizo kuna uhusiano unaotajwa waziwazi: hili lilisababisha lile, au hili halitoshi mpaka tuongeze lile, au hili lilikuwa kweli hapa lakini si kule, au hili lilikuwa kusudi na lile likawa njia ya kulifikia. Uhusiano huo hauwezi kutolewa katika kamusi ya viunganishi. Hutoka katika historia yenyewe, na ndiyo maana mwandishi asiyeijua vizuri habari yake hushindwa kuandika sentensi hizi hata akiwa bingwa wa lugha.

Turudi kwenye insha ya Maji Maji tuone jinsi kazi hii inavyofanyika, kiungo kimoja baada ya kingine.

Kiungo cha kwanza ni kati ya kodi na pamba. Katika rasimu ya kawaida, aya ya kodi inaeleza kwamba kuanzia mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya nyumba, kwamba fedha taslimu zilikuwa adimu vijijini, na kwamba aliyeshindwa kulipa alifanyishwa kazi. Kisha inakuja aya ya pamba ikianza na “Vilevile.” Kabla ya kuandika kitu kingine, jiulize: je, aya ya kodi imelijibu swali? Haijalijibu, kwa sababu kodi ilitozwa sehemu nyingi za koloni. Watu wa Usambara na wa Kilimanjaro nao walitozwa, na hawakuingia katika vita hivi. Upungufu huo wa hoja ya kodi ndio unaoifungulia mlango hoja ya pamba, na sentensi unganishi inapaswa kuusema:

“Kodi iliwaumiza watu katika sehemu nyingi za koloni, lakini vita havikuzuka kila mahali ilipotozwa; katika nchi ya Wamatumbi na jirani zao kulikuwa na mzigo wa pili, nao ni mashamba ya pamba ya lazima yaliyoamriwa na Gavana von Götzen mwaka 1902.”

Sentensi hii ni ndefu, lakini msomaji haibebi kwa shida, kwa kuwa kila kipande chake kina kazi. Sehemu ya kwanza inatunza matokeo ya aya iliyopita na kukiri mpaka wake. Sehemu ya pili inataja mahali, na hapo insha inaanza kujibu kwa nini vita vilitokea kusini. Mwandishi sasa analazimika kuieleza pamba kwa namna inayotimiza ahadi aliyoitoa. Haitoshi tena kusema pamba ilikuwa mbaya. Inampasa aoneshe ilikuwa mzigo wa aina gani: watu waliitwa kulima katika shamba la pamoja chini ya jumbe huku mashamba yao wenyewe yakiwangoja, na malipo yalikuwa kidogo kiasi kwamba wengine walikataa hata kuyapokea. Sentensi unganishi moja imeamua ushahidi gani uingie katika aya na upi ubaki nje.

Kiungo cha pili ni kati ya pamba na maakida. Hapa uhusiano ni wa aina nyingine kabisa. Akida si mzigo wa tatu ulioongezwa juu ya kodi na pamba. Ndiye aliyeileta mizigo yote miwili hadi mlangoni mwa mtu. Ukiandika “Sababu nyingine ilikuwa ukatili wa maakida,” umemtenga na kodi aliyoikusanya na pamba aliyoisimamia, na umeificha njia ambayo utawala wa Kijerumani uliifuata kufika vijijini. Sentensi inayofaa huenda ikawa hivi: “Amri ya pamba ilitolewa na gavana aliyekaa Dar es Salaam, ila mwanakijiji aliipokea kutoka kwa akida na jumbe wenye viboko, na kwa hiyo hasira yake ilikuwa na sura na jina kabla haijawa uasi dhidi ya serikali.” Baada ya sentensi hiyo, tukio la Julai 1905 linaeleweka lenyewe. Wamatumbi wa Nandete walianza kwa kung'oa mipamba shambani, kisha wakamgeukia akida wa Kibata. Mpangilio wa matukio unathibitisha mpangilio wa hoja, na msomaji anaona kwamba aya hizi mbili hazingeweza kubadilishana nafasi.

Kiungo cha tatu ndicho kigumu zaidi, na ndicho kinachotenganisha insha ya wastani na insha ya mtu aliyefikiri. Tumekwisha kueleza kwa nini watu walichukia. Sasa tunataka kuingia kwenye dawa ya maji na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyeitoa. Insha nyingi zinaiweka dawa hii katika orodha ya sababu, kana kwamba watu walipigana kwa sababu ya kodi, ya pamba, ya maakida na ya maji. Lakini maji hayakuwa dhuluma ya mtu yeyote. Swali linalojibiwa na maji ni jingine: watu wasiokuwa na mtawala mmoja, ambao kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake, waliwezaje kusimama pamoja mbele ya dola yenye bunduki? Kwa hiyo sentensi unganishi hapa haina budi kubadilisha swali, na ni vizuri ilibadilishe waziwazi:

“Chuki hiyo, hata ilipokuwa kubwa kiasi gani, ilibaki kuwa chuki ya kila kijiji dhidi ya akida wake, kilichokuwa bado kinakosekana ni jambo la kuwafunga pamoja watu wasiokuwa na mfalme mmoja, na jambo hilo lilipatikana Ngarambe, ambako kuanzia mwaka 1904 watu walimiminika kupokea dawa kwa Kinjikitile.”

Angalia kwamba maneno “kilichokuwa bado kinakosekana” ndiyo yaliyoubeba uhusiano wote. Yanamwambia msomaji kwamba tumetoka katika sababu za kutaka kupigana na tumeingia katika uwezo wa kupigana. Mwandishi akifaulu hapa, insha yake ina kiuno: juu ni malalamiko, chini ni umoja, na msomaji anajua amevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Baada ya hapo inakuja habari ya kuenea kwa vita, na hapo sentensi unganishi hufanya kazi ambayo waandishi wengi hawaitarajii, yaani kuufichua udhaifu wa dai kuu. Tuseme utangulizi wako ulidai kwamba pamba ndiyo iliyosababisha Vita vya Maji Maji. Sasa unataka kuandika aya kuhusu Wangoni wa Songea, walioingia vitani Septemba 1905. Jaribu kuiunganisha aya hiyo na zilizotangulia. Utaanza “Kutokana na mateso ya pamba, Wangoni nao…” kisha kalamu itagoma, kwa sababu mpango wa mashamba ya pamba ya lazima haukuwa umefika Ungoni. Wangoni walikuwa na madai yao: watawala wao walikuwa na dola ya kijeshi iliyotawala na kuvamia jirani zake, na nguvu hiyo ilivunjwa Wajerumani walipojenga kituo Songea mwaka 1897.

Mwandishi mvivu hulikwepa shimo hili kwa “Pia Wangoni walishiriki,” akaendelea. Mwandishi mwangalifu hutambua kwamba kushindwa kuandika sentensi ni taarifa kuhusu hoja yake. Hapo anarudi kwenye utangulizi na kulirekebisha dai lake: vita vilianza kwa sababu ya pamba na namna ilivyosimamiwa, lakini vilienea kwa sababu dawa iliyabeba madai tofauti ya watu tofauti chini ya ahadi moja. Dai hilo ni zuri zaidi kuliko la kwanza, kwa kuwa linawapa nafasi Wamatumbi na Wangoni pamoja. Na sasa sentensi unganishi inaandikika bila kulazimisha: “Ahadi ya maji ilizaliwa katika nchi ya pamba, lakini haikufungwa na pamba; wajumbe wake walipofika Ungoni walikuta watawala waliokuwa wakiomboleza dola yao iliyopotea, nao wakaipokea kwa sababu zao wenyewe.”

Kwa maoni yangu, hii ndiyo faida kubwa ya sentensi unganishi, kubwa kuliko ulaini wa usomaji unaotajwa mara nyingi. Sentensi hiyo ni kipimo. Inapokataa kuandikika, ama aya mbili hazipaswi kukaa karibu, ama moja haihusiki kabisa, ama dai kuu ni dogo kuliko ushahidi uliopo.

Hatari iliyopo ni kuilazimisha iandikike. Viunganishi vya sababu vina nguvu ya kudai jambo hata pale ambapo mwandishi hakukusudia kudai. Maneno kama kutokana na hayo, matokeo yake, hivyo na ndiyo maana yote yanasema kwamba jambo moja lilizaa jingine. Katika historia, ambamo matukio hufuatana kwa tarehe, ni rahisi mno kugeuza kufuatana kuwa kusababishana. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na katika wiki zilizofuata vita vilienea mpaka Liwale, Mahenge na Songea. Ukiandika “Kutokana na kunyongwa kwa Kinjikitile, vita vilienea kusini kote,” umetoa dai zito ambalo tarehe peke yake haiwezi kulithibitisha. Kilichoenea ni dawa, kupitia kwa wajumbe walioibeba toka eneo moja hadi jingine, nao walikuwa wakisafiri na ahadi ambayo haikufa pamoja na mtu mmoja. Sentensi ya haki ingekuwa: “Kunyongwa kwa Kinjikitile mwanzoni mwa Agosti hakukuzima vita, kwa sababu kufikia wakati huo dawa yake ilikuwa mikononi mwa wajumbe wengi.” Tarehe ni zilezile, matukio ni yaleyale, lakini uhusiano umekuwa wa kweli. Kwa hiyo kila unapoandika kiunganishi cha sababu kati ya aya mbili, simama ujiulize kama una ushahidi wa sababu hiyo au una kalenda tu. Ukiwa na kalenda tu, sema baada ya, au wakati huohuo, na usidai zaidi.

Kuna jambo jingine dogo la lugha linaloharibu viungo vingi, nalo ni kuanza aya kwa “Hali hii ilisababisha” au “Jambo hilo lilifanya.” Hali ipi? Aya iliyopita ilikuwa na sentensi nane na hali pengine tano. Msomaji hulazimika kurudi nyuma kutafuta, na akikosea ataisoma aya nzima akiwa amepotea. Kiswahili kimetupa njia nzuri ya kulikwepa tatizo hili, kwa sababu tunaweza kuligeuza tukio zima kuwa jina kwa kulianzisha na kitenzi chake: kulazimishwa kuacha shamba lako msimu wa kupanda, kukataa malipo ya pamba, kung'olewa kwa mipamba ya Nandete. Jina la namna hiyo likikaa mwanzoni mwa sentensi, linabeba aya nzima iliyopita bila kuirudia. Viashiria kama huo, hayo na hilo navyo vinafaa sana, mradi vifuatane na jina lililo wazi: mzigo huo, malipo hayo, hasira hiyo. Kiashiria bila jina kinafaa katikati ya aya. Mwanzoni mwa aya ni mtego.

Ama kuhusu mahali pa kuiweka sentensi yenyewe, mimi naona ikae mwanzoni mwa aya mpya na si mwishoni mwa ile inayokwisha. Mwisho wa aya ni mahali pa matokeo ya ushahidi uliotangulia, na ukipaweka tangazo la aya ijayo unaipunguzia nguvu aya uliyokwisha kuijenga. Kibaya zaidi ni swali la kubuni, kama vile “Je, kodi pekee ndiyo iliyosababisha vita? Tutaona katika aya inayofuata.” Sentensi mbili zimetumika na hakuna kilichosemwa. Jibu la swali hilo ndilo lililopaswa kuwa sentensi ya kwanza ya aya ijayo, bila swali lenyewe.

Si kila aya inahitaji kiungo kizito. Aya inayotoa mfano wa dai lililotajwa katika aya iliyotangulia inatosheka na maneno mepesi kama “Mahenge palitokea hivyohivyo.” Masimulizi yanayofuata siku moja hadi nyingine yanatosheka na tarehe. Sentensi za pande mbili zitumike pale ambapo hoja inapiga kona: sababu inapogeuka kuwa mpaka wa sababu, eneo linapobadilika, au swali lenyewe linapobadilika kama lilivyobadilika pale Ngarambe. Katika insha yetu kona hizo ni nne. Ukizipa sentensi nzito aya kumi na mbili zote, msomaji atachoka na hatajua tena ni wapi pa kuangalia.

Kwa anayeandika chini ya saa ya mtihani, utaratibu unaofaa ni kuandika viungo kabla ya aya. Katika karatasi ya rasimu, andika dai la kila aya kwa sentensi moja, si kwa neno moja; “kodi” ni mada, lakini “kodi iliumiza watu wengi ila haikuleta vita peke yake” ni dai. Kisha katika nafasi iliyo kati ya dai na dai andika uhusiano wake kwa maneno machache: haitoshi, iliyaleta, inakosekana, kule hakukuwa na pamba. Nafasi isiyojazika inakuonya mapema, wakati bado kuna muda wa kupanga upya, badala ya kugundua shimo hilo ukiwa umekwisha kuandika kurasa tatu.

Kiungo kinachosahaulika kuliko vyote ni cha kuingilia hitimisho. “Kwa kumalizia” inamwambia msomaji kwamba karatasi imekaribia kwisha, jambo analoliona kwa macho. Hitimisho nalo ni aya, na lina haki ya kuunganishwa na aya iliyo mbele yake kwa uhusiano wa kweli. Ikiwa aya ya mwisho ya mwili wa insha yetu imeeleza jinsi dawa iliyoshindwa kuzuia risasi ilivyoonekana uwanjani Mahenge mwishoni mwa Agosti 1905, ambako bunduki za rashasha ziliua washambuliaji wengi, basi hitimisho linaweza kuanza hivi: “Mahenge palionesha kwamba ahadi iliyowaunganisha watu haikuweza kuwalinda, lakini hakuna kati ya madai yaliyowaingiza watu vitani, si ya Wamatumbi kuhusu pamba wala ya Wangoni kuhusu dola yao, lililokuwa limejibiwa, ndiyo maana mapigano yaliendelea hadi mwaka 1907 baada ya imani katika maji kudhoofika.”